Harufu chumbani mwa mzee mgonjwa haifukuzwi kwa manukato

Katika nyumba nyingi za ukanda huu, mzee anapoanguka kitandani na kushindwa kuinuka, kuna kitu kinachonunuliwa haraka kuliko hata shuka za ziada. Kitu hicho ni manukato. Kopo la kupulizia linawekwa dirishani, udi unachomwa jioni, na mzee mwenyewe anapakwa poda na marashi kabla ya wageni kubisha hodi. Nia ni njema. Hakuna mtoto anayetaka mama yake anuke mkojo mbele ya mawifi na majirani. Hata hivyo njia hiyo haifanyi kazi, na mara nyingi inaongeza tatizo lililokuwapo.

Kiswahili kinatofautisha kunuka na kunukia. Anayemhudumia mgonjwa angefaa kuishikilia tofauti hiyo, kwa sababu chumba cha mgonjwa hakihitaji kunukia. Kinachotakiwa ni kisinuke. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inafanywa kwa kuongeza kitu hewani, na ya pili inafanywa kwa kuondoa kitu mahali kilipo. Marashi hayaondoi mkojo ulioingia kwenye godoro. Yanachofanya ni kuchanganyika nao, na baada ya siku chache pua za wageni zinazoea kuitambua harufu hiyo mpya, nusu mkojo nusu waridi, kuwa ndiyo harufu ya chumba cha mgonjwa. Kuanzia hapo hata marashi yenyewe yanamsema mzee.

Kuna madhara mengine. Ngozi ya mtu mwenye miaka karibu 80 ni nyembamba na kavu, na vitu vyenye manukato makali huiwasha na kuichubua. Poda ikipakwa kwenye mikunjo ya mwili yenye jasho hushikamana na kuwa mabonge yanayosugua ngozi. Moshi wa udi au ubani juu ya makaa katika chumba kilichofungwa humletea kikohozi mtu ambaye hawezi kunyanyuka akatoka nje, na makaa yanayowaka ndani bila hewa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu yoyote. Mwenye afya akizidiwa atafungua mlango. Aliyepooza atabaki palepale.

Hoja kubwa zaidi ni kwamba harufu ni taarifa. Inamwambia mhudumu kwamba kuna shuka iliyolowa, mkunjo wa ngozi ambao haukukaushwa, kinywa kilichokauka, au kidonda kinachoanza mahali pasipoonekana. Anayeifunika kwa marashi anaizima taarifa hiyo kabla hajaisoma.

Chukua mfano wa nyumba ya kawaida Nyamirambo, Kigali. Bibi wa miaka 79 alipata kiharusi kilichoacha upande wake wa kulia bila nguvu, na sasa ana miezi sita kitandani. Binti yake anamhudumia kwa bidii. Shuka zinafuliwa kila siku, bibi anaogeshwa kila asubuhi, na bado chumba kinanuka. Kila wiki kopo jipya la manukato linanunuliwa. Wageni wanaingia, wanasalimia wakiwa wamesimama mlangoni, wanaaga. Bibi analiona hilo. Ameanza kusema hataki kutembelewa, na nyumbani wanadhani ni uchovu wa ugonjwa.

Mabadiliko yanaanza ndugu mmoja anapokuja kutoka Bujumbura kukaa wiki nzima. Pua yake ni ngeni, na hilo ni jambo la maana sana. Pua ya binadamu huizoea harufu inayokaa nayo; baada ya dakika chache huacha kuitambua. Ndiyo maana mhudumu anayelala nyumba moja na mgonjwa anaweza kuapa kwamba chumba ni safi, na akawa mkweli kwa kadiri ya pua yake. Dawa ni rahisi: atoke nje kwenye hewa safi kwa muda, kisha arudi na kuzingatia pumzi ile ya kwanza tu. Au amwombe mtu mmoja anayemwamini amwambie ukweli bila kupepesa macho.

Jambo la kwanza ambalo ndugu huyo na binti wanafanya ni kuondoa manukato yote kwa siku 2. Hakuna kopo, hakuna udi, hakuna sabuni yenye harufu kali. Madirisha yanafunguliwa asubuhi na alasiri, bibi akiwa amefunikwa vizuri asipigwe na baridi. Siku hizo mbili ni ngumu, lakini bila hizo hakuna anayeweza kujua harufu inatoka wapi. Kisha wanapita kitu kimoja baada ya kingine: kinywa cha bibi, makwapa, chini ya matiti, kinena, kati ya vidole vya miguu, nepi, shuka, foronya, godoro, mto wa kiti cha magurudumu, ndoo ya nguo chafu, kopo la mkojo, na hata zulia dogo chini ya kitanda.

Chanzo kinapatikana kwenye godoro. Tangu mwanzo lilikuwa limewekewa nailoni, lakini nailoni hiyo ilikuwa nyembamba na imechanika kwenye mshono, pale nyonga za bibi zinapolala. Shuka zilifuliwa kila siku, kisha zikarudishwa juu ya sponji iliyokunywa mkojo kwa miezi. Kulipima si kazi. Kitambaa cheupe kikavu kinawekwa pale mwili unapolala, kinakandamizwa kwa kiganja kwa dakika moja, kisha kinanuswa. Jaribio hilo lifanyike mara tu mgonjwa anapoinuliwa, sponji ikiwa bado na joto la mwili. Godoro linaloonekana halinuki likiwa baridi huanza kunuka tena mtu akililalia, kwa sababu joto huipandisha harufu.

Hapa inafaa kueleza harufu ya mkojo inatoka wapi hasa, maana ndipo penye siri ya kazi nzima. Mkojo wa mtu asiye na maambukizi, ukiwa umetoka sasa hivi, haunuki sana. Ndani yake mna yurea. Ukikaa kwenye kitambaa au kwenye ngozi, bakteria huivunja yurea hiyo na kutengeneza amonia, na amonia ndiyo ile harufu inayochoma puani. Amonia hiyohiyo huiharibu ngozi, ikaifanya nyekundu na rahisi kuchubuka. Kwa hiyo saa ndiyo silaha ya kwanza. Shuka iliyobadilishwa mapema ni kitambaa kilicholowa tu. Ile iliyoachwa hadi asubuhi imeshageuka kuwa harufu na kidonda.

Godoro lililolowa juujuu linaweza kuokolewa. Unyevu unafyonzwa kwa kitambaa kikavu kwa kukandamiza, kwani kusugua huusukuma ndani zaidi. Siki nyeupe inachanganywa na maji kwa kiasi sawa, inanyunyizwa pale palipolowa, na inaachwa kwa takriban dakika 15 kabla ya kufyonzwa tena. Siki ni asidi, na asidi huituliza amonia. Pakianza kukauka, inanyunyizwa soda ya kuokea mandazi, ile isiyo na madhara jikoni, wala si kostiki ya kutengenezea sabuni. Inaachwa usiku kucha, kisha inafagiliwa au kukung'utwa. Baada ya hapo godoro linasimamishwa juani hadi likauke mpaka ndani. Sponji iliyobaki na unyevu katikati itaota ukungu na kuleta harufu nyingine.

Katika nyumba ya mfano huu kazi hiyo inafanywa mara mbili, jua likiwa kali, na bado harufu inarudi bibi akilala saa moja. Hapo ndipo mpaka wa usafi. Sponji iliyokunywa mkojo kwa miezi hadi upande wa pili haitakati kwa njia yoyote ya nyumbani, na kuendelea kuisafisha ni kupoteza nguvu. Fedha za makopo ya manukato ya miezi kadhaa zingekuwa zimeshasaidia kununua godoro jingine. Familia inanunua jipya, na safari hii linavishwa mpira mzito wa hospitali, ule ambao wauguzi huuita makintoshi, kabla bibi hajalilalia hata dakika moja. Juu ya mpira linatandikwa shuka la pamba, na juu ya shuka, kutoka kiunoni hadi mapajani, inawekwa khanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili. Khanga hiyo ndiyo itakayolowa kwanza, na inatolewa peke yake bila kuvua kitanda kizima. Nyumba yenye khanga 6 za kazi hiyo inaweza kubadilisha mchana na usiku bila kungoja nguo zikauke.

Jambo la pili linagunduliwa kwa kumwuliza bibi mwenyewe, kwa upole, wakiwa wawili tu. Anakiri kwamba tangu mwezi wa pili amekuwa akikataa kunywa chochote kuanzia alasiri ili asimsumbue binti yake usiku. Mkojo wake umekuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi. Hili hutokea katika nyumba nyingi na matokeo yake ni kinyume cha alichotaka. Mkojo mzito hunuka zaidi, hukichokoza kibofu hadi mtu ashindwe kuubana, humfunga choo na kukausha kinywa. Mzee anayejinyima maji kwa aibu ya harufu anaitengeneza harufu hiyohiyo.

Dawa ni kuyahamisha maji badala ya kuyapunguza. Vikombe 6 hadi 8 kwa siku, pamoja na chai, uji na supu, hutosha kwa wazee wengi, na sehemu kubwa inywewe kabla ya saa 12 jioni. Mgonjwa wa moyo au figo ambaye daktari amempangia kiasi chake afuate kiasi hicho. Aliyepata kiharusi akikohoa kila anapomeza, muuguzi aulizwe kwanza namna salama ya kumnywesha, kwa sababu maji yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Kisha inakuja ratiba. Kwa siku 3 binti anaandika kwenye daftari kila saa anapomkuta mama yake amelowa. Mpangilio unajitokeza wenyewe: mara baada ya chai ya asubuhi, saa moja baada ya chakula cha mchana, na alfajiri kabla ya jua. Sasa chombo cha kujisaidia kinaletwa kabla ya saa hizo, badala ya shuka kubadilishwa baada yake. Mchana anaulizwa kila baada ya saa 2 au 3. Usiku anavaa nepi, na inakaguliwa anapogeuzwa upande ili mgongo na nyonga zisigandamizwe. Baada ya wiki mbili za mpango kama huo idadi ya khanga zinazolowa inaweza kupungua sana, ingawa aliyepoteza kabisa uwezo wa kuhisi haja hatafikia hapo, na kwake nepi itabaki kuwa ya mchana na usiku.

Kuosha nako kuna mpangilio wake. Maji yawe ya uvuguvugu, yapimwe kwa kiwiko. Uso unaanza, kisha mikono, kifua na makwapa, mgongo, miguu, na sehemu za siri zinakuwa za mwisho kwa maji mapya na kitambaa kingine. Kwa mwanamke, kitambaa hupita kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume chake, ili uchafu wa choo usifike kwenye njia ya mkojo. Sabuni iwe laini na kidogo. Kinachosahaulika sana ni kukausha. Mikunjo ya chini ya matiti, kinena na katikati ya vidole ipapaswe kwa taulo hadi ikauke, maana unyevu ukibaki fangasi huota na kuleta harufu ya uchachu na wekundu. Mwisho unapakwa utando mwembamba wa mafuta mazito yasiyo na manukato, au krimu ya zinki, pale mkojo unapogusa. Uwe mwembamba kweli. Mafuta yakipakwa mengi huziba nepi, ikashindwa kunyonya.

Nguo zilizolowa zisingoje. Zisuuzwe kwanza kwa maji baridi, choo kikiwa kimeondolewa, ndipo zifuliwe kwa sabuni na maji ya moto na kuanikwa juani. Nusu kikombe cha siki katika maji ya mwisho ya kusuuza huondoa harufu iliyobaki. Vile vimiminika vya kulainishia nguo viachwe. Huacha utando unaofanya taulo na khanga zisinyonye maji, na harufu yake ni manukato yaleyale yaliyoingia kwa mlango mwingine.

Hapa lazima litolewe onyo. Watu wengi humimina jiki moja kwa moja kwenye kopo la mkojo au kwenye shuka lililolowa, wakiamini kwamba kinachochoma pua ndicho kinachosafisha. Klorini ya jiki ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayounguza macho na mapafu. Ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini yenyewe. Chombo au nguo isuuzwe kwa maji mengi kwanza, ndipo jiki iliyozimuliwa itumike, peke yake, mahali penye hewa, mgonjwa akiwa mbali. Mahali palipopitishwa siki pasiguswe na jiki hadi pawe pamesuuzwa vizuri.

Zipo harufu ambazo usafi hauziwezi, na mhudumu anayeoga mgonjwa wake vizuri ndiye atakayezitambua mapema. Mkojo ukibadilika harufu na papo hapo mzee akapata homa, maumivu anapokojoa, au akaanza ghafla kuchanganyikiwa, apelekwe kituo cha afya. Harufu peke yake, bila dalili hizo, si ushahidi wa maambukizi wala sababu ya kununua antibayotiki dukani. Mara nyingi ni upungufu wa maji tu.

Mzee ambaye hajapata choo cha kawaida kwa siku kadhaa kisha akaanza kuvuja choo chepesi kidogokidogo huenda haharishi. Mara nyingi choo kigumu kimeziba utumbo na majimaji yanapita pembeni. Akipewa dawa ya kuzuia kuharisha hali inakuwa mbaya zaidi. Anayepaswa kumchunguza ni muuguzi.

Kinywa kinaweza kuinukisha nyumba kwa mgonjwa asiyeongea wala kula sana. Kipigwe mswaki laini mara 2 kwa siku, kichwa kikiwa kimeinuliwa au kulazwa upande, na meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe na kulowekwa majini. Utando mweupe kinywani huweza kuwa fangasi, na fangasi wa kinywani wana dawa yao hospitalini.

Kidonda cha kulalia kinachonuka ni jambo zito kuliko yote hayo. Harufu ya kuoza huashiria nyama iliyokufa na bakteria wanaoishi pasipo hewa. Kukimwagia marashi, asali ya mtaani au unga wa majani ni kuchelewesha tiba. Wauguzi wa huduma shufaa, ambayo nchini Uganda ilipata mizizi tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa mwaka 1993, wanajua njia ya bei nafuu kwa vidonda vya namna hiyo: vidonge vya metronidazo, ambavyo wengi huviita flajili, husagwa na unga wake kuwekwa juu ya kidonda kilichosafishwa. Harufu huweza kupungua ndani ya siku chache. Lakini hufanywa kwa maelekezo ya muuguzi au daktari aliyekiona kidonda, kwani kingine huhitaji kukatwa nyama iliyokufa kwanza, na kingine kimefika kwenye mfupa.

Baada ya yote hayo kuna kitu ambacho hakipaswi kusafishwa kabisa. Watu husema kuna harufu ya uzee, na kuisema kama kosa. Mwaka 2012 watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliwanusisha watu vitambaa vilivyokaa kwenye makwapa ya watu wa rika tofauti bila kuwaambia ni vya nani. Vile vya wenye miaka 75 hadi 95 vilionekana kuwa na harufu hafifu na isiyokera kuliko vya vijana na watu wa makamo. Mwili wa mzee haunuki kwa sababu ya umri. Kinachonuka ni mkojo uliochelewa, kinywa kilichosahauliwa au kidonda ambacho hakikuonekana, na hayo yote yanatokana na huduma, wala si umri.

Ndiyo maana namna ya kusema inahusika kama ilivyo sabuni. Mhudumu akiingia akaziba pua, mzee ameshasikia. Akisema mbele ya wajukuu kwamba bibi amejikojolea tena, amemvua nguo kwa maneno. Maneno yanayofaa ni mafupi na ya kawaida: "Shikamoo mama, naomba nikugeuze kidogo, nibadilishe khanga." Aambiwe kabla ya kuguswa. Mlango ufungwe. Sehemu inayooshwa ifunuliwe peke yake na mwili uliobaki ufunikwe. Kama bado ana mkono wenye nguvu, apewe kitambaa ajipanguse mwenyewe sehemu za siri, hata kama mhudumu atalazimika kumalizia. Neno pampasi, ambalo wengi hulihusisha na watoto wachanga, lisitamkwe mbele za watu.

Swali la nani aoshe nalo lizungumzwe mapema. Katika jamii nyingi za ukanda huu mkwe hamwoni mkwewe akiwa mtupu, na mtoto wa kiume hamwoshi mama yake. Familia zinazojidai hazina mwiko huo mara nyingi huishia na mzee anayekubali kuogeshwa na mkwewe huku akilia kimoyomoyo, au na mkwe anayeogesha haraka mno huku akitazama pembeni, na pale asipotazama ndipo harufu na vidonda huanzia. Bora kusema wazi: binti wa jirani, mpwa, dada wa bibi au mhudumu wa kulipwa aje kwa saa moja asubuhi, na mwana wa kiume abebe kazi ya kufua, kuteka maji na kulitoa godoro juani. Kazi hizo nazo ni za kumhudumia mama.

Wajibu mkubwa lakini hauko nyumbani peke yake. Mgonjwa wa kiharusi huruhusiwa kutoka wodini na karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi. Mara nyingi ndugu zake hawajaonyeshwa jinsi ya kubadilisha shuka chini ya mtu asiyeweza kuinuka, kutandika mpira, wala kukausha mikunjo ya ngozi. Muuguzi anaweza kuyafundisha hayo kwa nusu saa, kitandani palepale, mkono wa ndugu ukifanya huku wake ukielekeza. Nusu saa hiyo iwe sehemu ya ruhusa, sawa na dawa. Wodi inayomtoa mgonjwa bila kuitoa inapeleka nyumbani kidonda kitakachorudi baada ya miezi mitatu.

Na wageni wanaoenda kumjulia hali mzee waache kubeba marashi na sabuni za kunukia. Nyumba yenye mgonjwa wa kitandani inahitaji kipande cha mpira wa godoro, khanga mbili kuukuu, sabuni ya mche, chupa ya siki. Aliye na mkono mtupu anaweza kujitolea kufua ndoo moja. Akimaliza avute kiti hadi karibu na kitanda, aketi, na amwambie mzee habari za mtaani.